Ganda la faiba la Eames: jinsi ya kutofautisha la zamani, la toleo jipya na la kuigwa

Pindua kiti kwanza, ndipo ukitazame. Karibu kila kitu kinachoweza kukuambia kama ganda la faiba la Charles na Ray Eames, wabunifu wa samani wa Marekani, ni la kweli kiko chini ya kalio, yaani sehemu ya kukalia, mahali ambapo mpiga picha wa tangazo huwa hafiki. Sura ya juu imeigwa kwa miongo mingi na waigaji wameshaijua vizuri. Chini ndiko wanakojisahau.

Mwongozo huu unahusu kiti kimoja tu: ganda la faiba, yaani kalio na mgongo vilivyofinyangwa kipande kimoja kwa resini na nyuzi za glasi, lililoanza kuuzwa na kampuni ya samani ya Herman Miller mwaka 1950, lenye mikono au lisilo na mikono, likiwa juu ya miguu ya aina mbalimbali. Mbinu zake zinafuata mpangilio ambao ni vizuri usiuvuruge. Anza na nyenzo, uje kwenye ganda lilivyofinyangwa, kisha raba na skrubu, halafu lebo, na miguu iwe ya mwisho. Wengi huanza na lebo, wakishaiona wanaacha kutazama. Hapo ndipo pesa zinapopotea, kwa sababu lebo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kubandikwa na mtu mwingine.

Jua kwanza unatafuta nini

Neno "asili" linabeba vitu vitatu tofauti, na wauzaji hulitumia kwa vyote.

Cha kwanza ni kiti cha zamani, kilichotengenezwa wakati faiba ilikuwa bado nyenzo ya kawaida ya kiti hiki. Kwa Herman Miller kipindi hicho ni kuanzia 1950 hadi 1989, kampuni ilipoacha kutumia faiba. Barani Ulaya viti hivi vilitengenezwa kwa leseni, hasa na kampuni ya Vitra, na huko Uingereza na kampuni ya Hille.

Cha pili ni toleo jipya lenye idhini. Baada ya faiba kuachwa, ganda lilirudi sokoni likiwa la plastiki ya polipropilini, na baadaye la faiba tena: Herman Miller mwaka 2013, Vitra mwaka 2018. Hiki ni kiti halali kabisa, ila si cha zamani. Kumuuzia mtu kiti cha 2015 kwa jina la kiti cha 1955 ni udanganyifu uleule, hata kama chapa ni ya kweli.

Cha tatu ni nakala. Nakala nyingi ni za plastiki na hutambulika mara moja. Zinazosumbua ni za faiba. Kampuni ya Modernica ya Los Angeles, kwa mfano, imetengeneza maganda ya faiba kwa njia inayokaribiana sana na ile ya zamani, na huyawekea jina lake. Tena, tangu miaka ya 1950 na 1960 kulikuwa na makampuni mengine ya Marekani, kama Krueger, yaliyouza maganda yao ya faiba. Kwa hiyo faiba iliyozeeka haithibitishi kwamba mbunifu ni Eames. Inathibitisha kwamba ganda ni la faiba na limezeeka, basi.

Hatua ya 1: Tazama nyuzi

Chukua tochi ndogo na lenzi ya kukuzia. Weka tochi pembeni, mwanga uteleze juu ya uso wa ganda badala ya kuupiga wima. Kwenye ganda la kweli la faiba utaona nyuzi za glasi zikipishana ovyo ndani ya rangi, nyingine zimejikusanya kama kifundo cha pamba, nyingine zimetawanyika. Hakuna mpangilio unaojirudia. Ukiona mchoro wa nyuzi unaofanana kabisa upande wa kushoto na wa kulia, hiyo ni plastiki iliyochapwa sura ya faiba.

Sababu ya mvurugiko huo iko kwenye utengenezaji. Kiwanda cha Zenith Plastics, kilichofinyanga maganda ya kwanza huko Gardena, California, kilitumia nyuzi fupi zilizovutwa kwa hewa zikakaa juu ya umbo la wavu lenye sura ya kiti. Umbo hilo la nyuzi likawekwa kwenye kalibu ya chuma, likamiminiwa resini iliyokwisha kuchanganywa na rangi, kisha mashine ya kukandamiza ikafunga kalibu kwa joto. Nyuzi zikakaa zilivyoangukia.

Katika maelezo hayo mna mambo mawili ya kukagua, na ndiyo yanayotenga nakala nyingi za faiba.

La kwanza ni kwamba rangi imo ndani ya resini, unene wote. Tafuta mahali palipochubuka, ukingo uliogongwa, au pembe iliyolika. Ndani panatakiwa pawe na rangi ileile ya nje, labda imefifia au imeiva zaidi. Nakala iliyofinyangwa kwa mkono kwa kawaida hupuliziwa tabaka la rangi kwanza kwenye kalibu, nyuzi zikafuata nyuma yake. Likigongwa, tabaka hilo hukatika kama ganda la yai na chini yake unaona kitu cheupe au cha kijanikibichi hafifu kama chupa. Ganda la zamani lililopakwa rangi baadaye nalo huonyesha tabaka, lakini chini ya rangi hiyo utakuta rangi nyingine kamili yenye nyuzi, si weupe.

La pili ni kwamba kalibu ilikuwa na pande mbili. Uso wa juu na wa chini wote ulikandamizwa na chuma, hivyo wote ni laini. Pitisha kiganja chini ya kalio na nyuma ya mgongo. Ukikuta upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza, una vilima vya resini iliyokauka na nyuzi zilizosimama kama manyoya, hilo limetandazwa kwa mkono kwenye kalibu ya upande mmoja. Eames hawakutengenezewa hivyo.

Hapa pana mtego. Ganda la kweli lililoachwa juani miaka mingi hupoteza resini ya juu na nyuzi hujitokeza, likawa linakwaruza vilevile. Tofauti ni kwamba ganda lililoungua kwa jua huwa na ukwaruzo pale jua lilipofika, yaani kalioni, juu ya mikono na upande wa mbele wa mgongo, huku chini pakibaki laini. Ganda la kutandazwa huwa kinyume: mbele laini, nyuma mkwaruzo. Kwa vyovyote vile, usilisugue kwa msasa mkavu ukijaribu kulisoma. Vumbi la glasi linawasha ngozi na halifai kuvutwa ndani ya mapafu.

Kwa plastiki hali ni nyepesi zaidi. Polipropilini ina rangi sawasawa bila nyuzi, ukiligonga kwa kifundo cha kidole linatoa sauti iliyokufa, na ukibonyeza ukingo linakubali kupinda kwa ulaini. Faiba hutoa mlio mkavu, wa juu, karibu na wa sahani nzito. Kama ni plastiki, swali linalobaki ni moja tu: je, ni toleo lenye idhini? Jibu liko kwenye jina lililofinyangwa chini yake.

Hatua ya 2: Fuata ukingo kwa kidole

Ukingo unakwambia umri kuliko kitu kingine kwenye ganda lenyewe. Kwenye viti vya mikono vya miaka ya mwanzo kabisa, kamba ilizikwa ndani ya ukingo ili kuuimarisha. Pitisha kidole upande wa chini wa ukingo, kuanzia mkono mmoja, kupitia mgongoni, hadi mkono wa pili. Kama kamba ipo, utahisi tuta la mviringo linaloendelea, na tochi ikishikwa upande wa pili mara nyingi itaonyesha kivuli cheusi cha uzi mnene. Baada ya miaka michache watengenezaji waliona ganda lina nguvu ya kutosha bila kamba, wakaiacha. Kwa hiyo kamba ni ushahidi wa mwanzo wa miaka ya 1950, na kukosekana kwake hakumaanishi nakala: maganda mengi ya kweli hayana.

Kinachochanganya watu ni mkanda wa vinili unaozunguka ukingo wa maganda yaliyovalishwa kitambaa. Huo si kamba. Umebandikwa juu, una mwanzo na mwisho, na unaweza kuuinua kwa ukucha. Maganda mengi yanayouzwa leo yakiwa wazi yalizaliwa yamevalishwa sponji na kitambaa, yakavuliwa baadaye. Utayajua kwa madoa ya gundi ya kahawia upande wa kukalia na uso uliofifia kidogo. Bado ni ya kweli, ila muuzaji anapaswa kusema kwamba lilivuliwa, kwa sababu uso wake mara nyingi umesuguliwa ili gundi itoke.

Angalia pia unene wa ukingo. Ganda lililokandamizwa ni jembamba na unene wake hauyumbi sana. Lililotandazwa kwa mkono hunenepa pembeni na kwenye mikunjo, kwa kuwa mfanyakazi hawezi kulaza nyuzi sawasawa kwenye kona.

Hatua ya 3: Raba nne na meno ya skrubu

Hapa ndipo kwenye kiini cha kazi. Eames hawakutaka kutoboa ganda. Miguu imefungwa kwenye raba nne za mviringo zilizogandishwa kwa gundi chini ya kalio, kila moja ikiwa na chuma chenye tundu la skrubu ndani yake. Raba hufyonza mshtuko na kumpa mkaaji mnepo kidogo, na uso wa kukalia unabaki mzima.

Kwa hiyo ukiona vichwa vya bolti juu ya kalio, mambo ni mawili: ama ni nakala, ama ni ganda la kweli ambalo raba zake zilibanduka na mtu akaamua kulitoboa. La pili ni la kawaida na linasikitisha, kwani tundu halizibiki bila kuonekana na thamani ya ganda hushuka sana.

Raba zenyewe husema umri. Zile za miaka ya kwanza zilikuwa pana waziwazi, na zilizofuata zikawa ndogo, kipenyo karibu sentimita 4. Ukikuta raba ndogo juu ya ganda lenye ukingo wa kamba, usikimbilie kusema ni la kughushi. Tazama pembeni mwa raba. Raba ikibandukia mbali huacha duara la gundi na rangi iliyohifadhika, na kama duara hilo ni pana kuliko raba iliyopo sasa, basi raba zimebadilishwa. Raba mpya hushikwa kwa gundi ya epoksi, na mara nyingi epoksi iliyofinywa nje huonekana kama pete inayong'aa. Kubadilisha raba ni ukarabati wa kawaida: raba ya miaka 60 hukauka, hupasuka na kuachia ghafla mtu akiwa amekaa. Ukikagua kiti, shika mguu mmoja mmoja, uusukume pembeni kwa upole huku ukitazama raba. Ukiona ufa unafunguka kati ya raba na ganda, usikalie.

Sasa toa skrubu moja. Viti vya Herman Miller vya Marekani vilifungwa kwa skrubu za inchi: kipenyo robo inchi, meno 20 kwa kila inchi. Nakala nyingi za baadaye hutumia skrubu za milimita, aina ya M6. Kwa macho zinafanana, kwa kipimo hazifanani. Shika skrubu kwa kipimo cha vernia: ya robo inchi itasoma kidogo chini ya milimita 6.35, ya M6 itasoma chini ya 6. Kama huna vernia, laza skrubu kando ya rula na uhesabu meno kwenye sentimita moja. Ya inchi ina meno karibu 8, ya M6 ina 10.

Skrubu pekee haitoshi, kwa kuwa zinapotea na kubadilishwa. Kinachopimwa hasa ni tundu lililo ndani ya raba. Skrubu ya robo inchi haitaingia kwenye tundu la M6, na ya M6 itaingia kwenye tundu la robo inchi ikiwa imelegea na inacheza, kisha itang'ang'ania. Usiilazimishe, maana utaharibu meno. Na ukumbuke mipaka ya kipimo hiki: kinahusu viti vya Marekani. Kiti kilichotengenezwa Ulaya kinaweza kuwa na meno ya milimita na kikawa halali kabisa. Na raba iliyobadilishwa ina tundu la yule aliyeibadilisha.

Hatua ya 4: Lebo na chapa

Sasa unaweza kusoma maandishi. Maganda ya kwanza ya Zenith yalikuwa na lebo ya karatasi yenye miraba kama ubao wa drafti. Baadaye jina la Herman Miller, alama yake ya herufi M, jina la Charles Eames na maelezo ya hataza vilifinyangwa ndani ya ganda lenyewe, vikawa maandishi yaliyoinuka chini ya kalio. Herman Miller haikuwa na mfinyanzi mmoja tu miaka yote, kwa hiyo kuna maganda yenye pia alama ndogo ya kiwanda kilichoyafinyanga. Tofauti hizo zisikushtue.

Chapa iliyofinyangwa ina uzito kuliko karatasi. Ilitoka kwenye kalibu, hivyo nyuzi na rangi hupita ndani ya herufi bila kukatika. Chapa iliyogandishwa baadaye ina mpaka kuizunguka, au rangi yake inatofautiana na ya ganda kwa kiasi kidogo. Weka tochi pembeni uone. Kinachotakiwa kukushtua zaidi ni sehemu iliyosuguliwa: duara au mstatili uliolainishwa kuliko eneo linaloizunguka, pale ambapo chapa ingekaa. Mtu hafuti jina la Herman Miller. Hufuta jina la mtu mwingine.

Lebo ya karatasi ikague kwa swali moja: ilibandikwa kabla ya uchafu au baada? Lebo iliyokaa hapo tangu kiwandani imezeeka pamoja na ganda. Kingo zake zimelika, vumbi limejikusanya kando yake na kupanda juu yake kidogo, na mikwaruzo inayopita chini ya kalio hupita pia juu ya karatasi. Lebo iliyohamishwa au kuchapwa upya hukaa juu ya mikwaruzo: mkwaruzo unafika kwenye ukingo wa karatasi, unazama chini yake, unaibukia upande wa pili. Ukiona hivyo umepata jibu, hata kama karatasi yenyewe ni ya zamani kweli.

Ganda lisilo na lebo si tatizo. Karatasi hubanduka, hasa kiti kikioshwa. Ganda lenye nyuzi sahihi, uso laini pande zote na raba nne ni ushahidi bora kuliko lebo safi juu ya ganda la mashaka.

Hatua ya 5: Miguu ichukuliwe kama kitu kingine

Ganda na miguu vinaachana kwa skrubu nne, kwa hiyo vihukumu kando. Kiti kinachopatikana mara nyingi sokoni ni ndoa: ganda la zamani juu ya miguu iliyotengenezwa mwaka jana.

Herufi tatu za kiti zinakwambia kilitakiwa kuwa nini. Katika RAR, R ya kwanza ni kiti cha bembea, A ni chenye mikono, R ya mwisho ni miguu ya nondo. DSW ni kiti cha mezani, kisicho na mikono, chenye miguu ya mbao. DAX ni cha mezani, chenye mikono, chenye miguu minne ya bomba inayokutana chini ya kalio kwa umbo la X. Waigaji hupenda kutengeneza ile inayouzika, yaani nondo zilizosukwa kama mnara wa Eiffel, miguu ya mbao, na bembea. Viti vya X na vya umbo la H, vilivyojaa maofisini na mashuleni, havivutii sana. Matokeo yake, maganda ya kweli yanang'olewa kwenye miguu yake ya kweli isiyopendwa na kupandishwa kwenye bembea mpya.

Kwenye nondo, tazama viungo vilivyochomelewa. Miguu ya zamani ina uzee unaoanzia kwenye kona: zinki imefifia kuwa ya kijivu, kutu ndogo ya kahawia imejificha ndani ya kiungo ambako kitambaa cha kufutia hakifiki. Miguu mipya iliyozeeshwa kwa makusudi ina kutu mahali pa wazi na viungo safi. Chini ya miguu, angalia vikanyagio, yaani vipande vidogo vinavyogusa sakafu: vilivyotumika kweli vimelika upande mmoja kuliko mwingine.

Bembea ina historia inayosaidia. RAR ilitolewa kwenye katalogi ya Herman Miller mwaka 1968, ila kampuni iliendelea kuwapa wafanyakazi wake waliopata mtoto hadi 1984. Hivyo bembea ya kweli ya miaka ya 1970 ipo, lakini haikupita dukani. Ganda la kipindi hicho likiuzwa kama RAR, muuzaji anapaswa kuwa na kitu cha kuonyesha kwamba lilitoka kwa familia ya mfanyakazi. Bila hivyo, linalowezekana zaidi ni ganda la kiti cha ofisi juu ya miguu ya kununua.

Kiti kimoja, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue tangazo la aina inayojitokeza sana: "RAR ya 1950, asili yote, na lebo." Ganda ni la kijivu kilichokolea, mbao za bembea ni za rangi ya asali, picha zote zimepigwa kutoka mbele.

Kimepinduliwa. Nyuzi zinaonekana pande zote mbili, na uso wa chini ni laini. Mkono wa kulia umegongwa kwenye ncha, na ndani ya kidonda rangi ni kijivu kilekile. Mpaka hapa ni ganda la kukandamizwa, rangi imo ndani. Kidole kinapita chini ya ukingo na kukuta tuta linaloendelea bila kukatika. Kamba ipo. Kijivu hiki kinakubaliana nayo, kwa sababu rangi tatu za kwanza za mwaka 1950 zilikuwa kijivu cha ngozi ya tembo, rangi ya kati ya kijivu na hudhurungi, na rangi ya karatasi ya ngozi.

Raba ni nne, ndogo, nyeusi tii, laini zinapobonyezwa kwa ukucha. Kila moja ina pete ya epoksi inayong'aa. Nje ya pete kuna duara pana zaidi, hafifu, ambamo kijivu kimekolea kuliko sehemu nyingine. Hizo ni nyayo za raba pana za kwanza. Skrubu inatolewa: meno 10 kwenye sentimita moja. Ni ya milimita, na inaingia kwenye raba bila kucheza, kwa hiyo raba nazo ni za milimita. Aliyekarabati alinunua raba na miguu kama seti moja.

Miguu inajibu yenyewe baada ya hapo. Viungo ni safi, kromu haina doa, na mbao za bembea hazijalika katikati, mahali ambapo zinagusa sakafu siku zote. Bembea iliyotumika hata miaka 5 ingekuwa na utepe uliong'aa hapo.

Inabaki lebo. Ni ya karatasi, ina miraba ya drafti, imepauka vizuri. Lakini mikwaruzo miwili mirefu inayotoka upande wa nyuma inafika kwenye ukingo wake na kutokea upande wa pili, karatasi ikiwa haijaguswa. Imehamishwa kutoka kwenye ganda lingine, au imechapwa.

Hukumu ya kiti hiki, ikiandikwa kwa uaminifu, ni hivi: ganda la mikono la Zenith lenye ukingo wa kamba, mwanzo wa miaka ya 1950, rangi ya asili, lina jeraha moja kwenye mkono, raba zimebadilishwa, miguu ya bembea ni ya kisasa na haikutoka Herman Miller, lebo si ya ganda hili. Ganda lenyewe lina thamani kubwa na linastahili kununuliwa kwa bei ya ganda. Bei ya RAR nzima ya 1950 ni ya kitu kingine ambacho hapa hakipo.

Ona kwamba lebo ya uongo haikulifanya ganda kuwa la uongo. Kosa hili hufanywa kwa pande zote mbili: wapo wanaonunua kila kitu kwa sababu ya lebo, na wapo wanaogundua lebo ya kupachikwa wakaacha ganda la kamba liende.

Ukinunua bila kukishika

Omba picha sita kabla ya kuzungumza bei: chini ya kalio nzima kwa mwanga wa pembeni, raba moja kwa karibu hadi pete yake ionekane, skrubu moja iliyotolewa ikiwa kando ya rula yenye milimita, upande wa chini wa ukingo wa mkono, nyuma ya mgongo kwa karibu, na sehemu yoyote iliyochubuka. Muuzaji anayekijua kiti chake atazituma kwa dakika 10. Ile ya skrubu ndiyo wengi huikwepa kwa kusema hawana bisibisi. Usilipe kabla haijafika, kwa sababu ndiyo picha pekee kati ya hizo sita inayokupa namba ya kuhesabu mwenyewe.